Niachie kwa Kihispania: kupatana bei sokoni Oaxaca

Jumapili yangu ya kwanza katika soko la Tlacolula, nje kidogo ya mji wa Oaxaca kusini mwa Meksiko, nilisimama mbele ya mama mmoja aliyetandika mazulia ya sufu, nikauliza bei, nikajibiwa, nikasema kwa sauti: «¡Uy, es muy caro!», yaani «loo, ni ghali sana!» Kwetu hayo ndiyo mazungumzo yanaanza. Muuzaji anacheka, anakuuliza «wewe una ngapi?», mnaendelea. Mama yule hakucheka. Alilikunja zulia polepole, akaliweka juu ya lundo, akamgeukia mteja mwingine. Sikufukuzwa, ila biashara yetu ilikuwa imekwisha.

Kosa langu halikuwa msamiati. Nilikuwa nimekariri maneno kutoka kitabu cha watalii, na kila nilichotaka kusema nilikipitisha kwanza kwenye Kiingereza. Baadaye nikagundua kwamba Kihispania cha sokoni kinakaa karibu zaidi na Kiswahili cha sokoni kuliko nilivyodhani. Wewe unayeanza, anzia hapo.

Chukua kitenzi *dejar*, kuacha. Kariakoo unasema «niachie kwa elfu kumi». Tlacolula unasema «¿En cuánto me lo deja?», yaani «unaniachia kwa ngapi?» Ni picha ileile. Herufi j itamke kama kh ya «kheri», ila nyepesi: dekha. Kitenzi cha pili ni *llevar*, kuchukua na kwenda nacho. Muuzaji hakuulizi kama utanunua, anauliza «¿Se lo lleva?», «unachukua?», nawe ukiridhika unajibu «Me lo llevo», «nachukua». *Comprar*, kununua, ni neno sahihi, ila ukilitumia kila mara unasikika kama unasoma risiti. Na «bei ya mwisho ngapi?» ipo pia: «¿Cuánto es lo menos?» Kwa vitenzi hivyo viwili na swali hilo moja unaweza kumaliza asubuhi nzima sokoni.

Tofauti iko kwenye amri. Sisi tunaamrisha bila kuudhi, kwa sababu adabu imeshabebwa na «mama», «kaka», na ile sauti ya kubembeleza: «Punguza bwana, mama yangu!» Ukisema «¡Baje el precio!», «punguza bei!», kwa mtu uliyemkuta dakika mbili zilizopita, unakuwa umempigia kelele. Kihispania cha pale kinataka ombi liwe swali, liwe dogo, na liwe la *usted*, ile «wewe» ya heshima. «¿No me hace una rebajita?» Hiyo *-ita* ya mwisho ndiyo «kidogo tu» yetu: punguzo dogo, kapunguzo. Na ile *no* ya mwanzoni haikanushi kitu, inamwachia muuzaji mlango wa kukataa bila kukuaibisha, kama «hutanipunguzia kidogo?»

Badala ya «ghali sana», sema «Se me sale del presupuesto», bajeti yangu haifiki hapo. Lawama inakuwa kwenye mfuko wako, si kwenye kazi ya mikono ya mtu. Kadhalika usiombe kitu *barato*. Neno hilo linabeba urahisi wa bei na udhaifu wa kitu kwa pamoja, kama «cha bei chee». Uliza «¿Tiene algo más económico?» nawe utaoneshwa zulia dogo zaidi, si baya zaidi.

Salamu hazirukwi. «Buenos días» mpaka adhuhuri, kisha «buenas tardes», ndipo bei. Mwanamke mwite *señora*, kijana mwite *joven*, hata yule ambaye ujana ulishamuaga. Neno tamu kuliko yote ni *marchante*, au *marchanta* kwa mwanamke: linakwenda pande mbili, yeye anakuita hivyo na wewe unamwita hivyo, kana kwamba mmekuwa wateja wa kila mmoja miaka mingi. Wengine watakuita *güero*, ambalo kwa asili ni mtu mweupe. Mimi ni mweusi wa Tanga na nimeitwa *güero* na wauza embe mara nyingi tu. Ni neno la kubembeleza mteja, usitafute maana. Waliotaka kujua zaidi waliniuliza kama natoka Costa Chica, pwani ya Pasifiki, ambako wapo Wameksiko wenye asili ya Afrika.

Kwenye matunda na mboga mambo ni mepesi, na kwa kweli bei haipatanwi sana. Unauliza «¿A cómo el kilo?», kilo inakwendaje, au «¿A cómo el montón?», na *montón* si kingine ila fungu: nyanya zilizopangwa mlima mdogo juu ya kitambaa, kama soko la Mgandini, Tanga. Ubora unaulizwa kwa namna inayonifurahisha mpaka leo. Kwenye parachichi huulizi «limeiva?», unasema unalihitaji lini: «Para hoy», la leo, au «para mañana», la kesho. Muuzaji anabonyeza mawili matatu kwa kidole gumba, anakuchagulia. Usibonyeze wewe. Na badala ya kupunguziwa, omba *pilón*, ile nyongeza: «¿Y mi pilón, marchanta?» Anatupia ndimu mbili au majani ya giligilani. Ukienda Peru au Ekuado neno hilo wengi hawatalitambua, kule linaitwa *yapa*.

Turudi kwenye zulia, maana huko ndiko pesa inakopotea. Mazulia yanayouzwa Tlacolula mengi yanafumwa Teotitlán del Valle, kijiji jirani cha Wazapoteki, wenyeji wa asili wa Oaxaca. Lililofumwa kwa sufu na kutiwa rangi za asili, na lililofumwa kwa nyuzi za akriliki, yanaweza kutandikwa kando kwa kando na mgeni asione tofauti. Kwa hiyo swali la ubora linatangulia swali la bei. Uliza «¿Es pura lana?», ni sufu tupu? Kisha «¿El tinte es natural?», rangi ni ya asili? Na la tatu, ambalo wageni hulisahau: «¿Se despinta al lavarlo?», likifuliwa linachuja?

Mfumaji anayeijua kazi yake hakasiriki kwa maswali haya, anachangamka. Yule niliyenunua kwake hatimaye alichukua *grana cochinilla*, wadudu wakavu wanaoishi kwenye mpungate, akawasaga kiganjani, wakatoa wekundu mzito. Akakamulia ndimu, ukageuka kuwa rangi ya machungwa. Akaongeza chokaa kidogo, ukawa zambarau. Onyesho hilo lakini linathibitisha kwamba anajua rangi tu, halithibitishi zulia ulilolishika. Kwa zulia, uliza kama unaweza kuchoma uzi: «¿Me permite quemar un hilito?» Sufu inanuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika kwa vidole. Akriliki inayeyuka na kuacha kishanga kigumu. Uzi huo usiuvute kwenye shada la pembeni. Lile shada ni mwisho wa nyuzi za mtande, na mtande mara nyingine ni pamba hata kwenye zulia zuri, nayo pamba huungua kama karatasi. Utamshitaki mtu wa haki. Omba uzi wa mshindio, ule unaobeba rangi, nao muuzaji ndiye aukate mwenyewe.

Zulia langu lilikuwa la sentimita 60 kwa 100, lenye ngazi za kijivu na nyekundu. Baada ya salamu na uzi kuchomwa, mazungumzo yalikwenda hivi:

—¿En cuánto me deja este, señora?
—Ese se lo dejo en mil seiscientos, joven.
—Está muy bonito. ¿Cuánto es lo menos?
—Es que es puro natural. ¿Cuánto me da?

Alianzia peso 1,600, nikalisifu na kuuliza bei ya mwisho, akajibu kwamba ni la asili tupu, kisha: «Unanipa ngapi?» Hapa tahadhari. Ukishataja namba, naye akiikubali, umenunua. Kutaja bei kisha kuondoka baada ya kukubaliwa ni utovu wa adabu hata kwetu, na pale wanakumbuka sura. Nilikuwa sijaamua, kwa hiyo sikutaja. Nilisema «Déjeme dar una vuelta», acha nizunguke kidogo, «ahorita regreso». Alitabasamu tabasamu la watu waliosikia «nakuja sasa hivi» tangu utotoni. Nikazunguka kweli, nikaulizia mawili ya ukubwa uleule, nikarudi.

—Ya regresé. ¿Me lo dejaría en mil trescientos?
—No sale, joven. Mil quinientos.
—Ni usted ni yo: mil cuatrocientos y me lo llevo.

Yaani nilitaka 1,300, akasema 1,500, nikasema 1,400 nachukua. *Dejaría*, «ungeniachia», ni laini kuliko *deja*, ndiyo maana niliitunzia namba. «No sale» maana yake hailipi. Na «ni usted ni yo», si wewe si mimi, ndiyo ile «tukutane katikati». Alinyamaza, akahesabu kitu kichwani, akasema «Ándele pues», haya basi. Peso 1,400. Nikaomba pilón, nikapewa kijizulia cha kuwekea kikombe.

Punguzo lilikuwa peso 200, kama asilimia 12 na nusu, na kwa kazi ya mikono sivuki hapo. Ule mtindo wa kuanzia nusu ya bei, uliozoeleka kwa nguo za jumla, pale unasikika kama tusi, maana zulia dogo tu linakula siku nyingi za mfumaji. Akikuambia «es precio fijo», bei ni moja, mwamini. Shukuru, lipa au ondoka. Njia moja ya heshima inayobaki ni «¿Y si llevo dos?», nikichukua mawili je?

Namba zitakusumbua kuliko sarufi. *Sesenta* ni sitini na *setenta* ni sabini, *seiscientos* ni mia sita na *setecientos* ni mia saba, na katikati ya kelele za soko yote yanafanana. Mia tano ni *quinientos*, hakuna *cincocientos*. Isitoshe, «dos cincuenta» kwa kitu kama shali ni 250, si mbili na senti hamsini. Nilishawahi kukubali «mia sita» nikatoa noti, nikabaki nimenyoosha mkono nikisubiri chenji ambayo haikuwepo. Siku hizi nairudia bei kwa tarakimu, «¿seis, cero, cero?», au nanyoosha kalikuleta ya simu muuzaji abonyeze. Alama ya $ utakayoiona kwenye vibao ni ya peso, usishtuke.

Na beba noti ndogo. Umebembeleza dakika kumi upunguziwe peso 20, kisha unatoa noti ya 500, na muuzaji anaanza kuzunguka vibanda vya jirani kutafuta *cambio*. Kama ni asubuhi na wewe ndiye mteja wa kwanza, utamwona akijipigia ishara ya msalaba kwa noti yako kabla ya kuiweka mfukoni. Hiyo ndiyo hela ya kufungulia siku.