Admini Anahitaji Kujua Aitafute Wapi

Swali la wiki: Umetuma posti kwenye grupu, tangu jana inasubiri ruhusa ya admini, na unaogopa kumkera. Unamwandikia nini kwenye komenti?

Mimi nipo upande wa pili wa swali hili. Nasaidia kusimamia grupu la wafugaji wa kuku kwenye Facebook. Tuko watatu, hakuna anayelipwa, na zamu yangu huanza usiku nikishafunga banda. Kwa hiyo naomba nieleze komenti ya namna gani hunifanya nifungue foleni palepale, na ipi huipita nikaenda zangu kulala.

Kuna mama mmoja alituma posti saa moja jioni. Vifaranga wake wa wiki tano walikuwa wamevimba macho, pua zinatoka makamasi, wengine wanakoroma. Asubuhi akakuta posti haijatoka. Akapita kwenye kila posti iliyokuwa mbele yake akiandika "Admini apruvu". Nilihesabu komenti 11, na moja ilikuwa chini ya tangazo la msiba wa mwanachama mwenzetu. Watu wakaanza kumshambulia yeye badala ya kumsaidia.

Mimi nilipoziona nilifungua orodha ya "Pending posts" na kumtafuta. Hayumo. Nikadhani ameifuta mwenyewe, nikaendelea na mengine.

Saa tano asubuhi akaandika tena, mara hii chini ya posti yangu ya ratiba ya chanjo: "Habari za asubuhi admini. Posti yangu ya jana saa moja jioni, ya vifaranga waliovimba macho, naona bado inasubiri. Nimeweka kiungo cha dawa moja ya dukani. Naomba uipitie ukipata nafasi. Asante."

Hapo nikaelewa. Kile kiungo ndicho kilichomponza. Facebook ina sehemu ya pili inayoitwa "Potential spam", ambako mitambo yake hutupa posti inazozishuku, na posti yenye kiungo cha biashara ni rahisi kuangukia huko. Mwenye posti haambiwi. Kwake inaonekana imechelewa tu kama nyingine. Na sisi maadmini, niseme ukweli, tunaweza kumaliza wiki bila kufungua sehemu hiyo. Nilipoifungua niliikuta, nikaipitisha, na kabla ya adhuhuri wafugaji wenzake walishamwambia kwamba dalili zinafanana na mafua ya kuku, awatenge wanaoumwa na amwite mtaalamu wa mifugo.

Angalieni ile komenti ya pili. Haina sifa wala kilio. Ina siku na saa, ina jambo lenyewe kwa maneno machache, na ina kile kitu kilichoweza kuizuia posti. Foleni yetu ina sehemu ya kutafutia kwa jina au kwa neno, kwa hiyo nikipewa neno "vifaranga" ninaifikia mara moja. "Admini apruvu" inaniachia kazi ya kubahatisha.

Mahali nako kuna maana. Ukikomenti chini ya posti ya admini mwenyewe, simu yake inampa taarifa. Ukikomenti chini ya posti ya mtu mwingine, taarifa inamwendea huyo mwingine, mimi sipati kitu mpaka unitagi. Wengine husema bora kumfuata admini inboksi. Ujumbe wa mtu msiyekuwa marafiki mara nyingi huingia kwenye maombi ya ujumbe, na mimi hukumbuka kupachungulia mara moja moja sana. Komenti moja mahali sahihi inafika haraka zaidi.

Kuhusu lugha, "naomba" na "ukipata nafasi" vinatosha kabisa. "Shikamoo admini" sina ugomvi nayo, ila hujui umri wangu. Nimewahi kuamkiwa hivyo na mzee aliyenizidi miaka 30 nikabaki sina pa kuuweka uso. "Habari za leo" haimkosei mtu. "Admini umelala?" inaudhi, tena huwa inaandikwa saa nane usiku, wakati kweli nimelala. Ukishaandika mara moja, subiri kesho yake. Na usitume posti ileile upya ukidhani unaiharakisha. Tunakuta nakala tatu, mimi napitisha moja, mwenzangu anapitisha nyingine, majibu yanagawanyika na unakosa pa kuyafuata.

Kabla ya kuomba, ingia kwenye grupu utafute ukurasa wa "Your content". Ikiwa posti yako iko "Pending", omba. Ikiwa iko "Declined", imeshakataliwa, na kuomba ipitishwe ni kupoteza pumzi. Hapo uliza sababu: "Admini, posti yangu ya jana imekataliwa. Naomba kujua kilichokosewa nirekebishe." Kwetu sababu mara nyingi ni namba ya simu ya muuzaji.

Sasa uanachama. Grupu letu ni la faragha, na aliye nje hawezi kukomenti ndani. Kwa kawaida anayemwombea ni ndugu yake aliyetangulia kuingia, na hapo ndipo majina yanapotuchanganya. Mwanachama aliwahi kuandika, "Admini, naomba umpokee Baba Neema, ameomba tangu Jumatatu." Nikatafuta Neema, nikatafuta Baba, sikuona kitu. Kumbe kwenye akaunti anajiita Mnyama Mkali, na picha ni ya gari. Andikeni jina kama linavyosomeka kwenye akaunti.

Hata nilipomfikia sikumpokea siku hiyo. Tuna maswali matatu ya kuingilia: unafuga kuku wa aina gani, uko mkoa gani, na kama umekubali sheria za grupu. Yeye hakujibu hata moja. Watu wengi huyaruka wakidhani ni urembo, wakati kwetu ndicho kipimo pekee cha kumtofautisha mfugaji na tapeli wa vifaranga hewa. Nilimjibu ndugu yake kwamba Baba Neema arudi kwenye grupu ayajibu kwenye ombi lilelile, bila kulifuta. Jioni yakaja: kuku wa mayai 200, Kibaha, nimekubali. Nikampokea.

Jambo la mwisho linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hapa komenti yenye adabu zote inaweza kukuumiza. Kuna posti za kuficha jina. Wanachama hawaoni jina la mwandishi, ila sisi maadmini tunaliona, na kwetu ni lazima tuipitishe ndipo itoke. Dada mmoja alituma posti ya namna hiyo akieleza kwamba mumewe ameuza kuku wote bila kumwambia. Ilipochelewa akakomenti hadharani, kwa jina lake, "Admini naomba upitishe ile posti yangu ya mume kuuza kuku." Niliwahi kuifuta komenti kabla sijaipitisha posti, ila tayari watu wawili walikuwa wameshaiwekea alama ya kushangaa.

Ukiwa umeficha jina, kwenye komenti usitaje posti kabisa. Nitumie ujumbe inboksi, kisha andika tu, "Habari admini, nimekutumia ujumbe, naomba uangalie kwenye maombi ya ujumbe." Nikishakujibu, ifute na hiyo komenti.

*Msomaji, Morogoro*