Wadogo zangu wa lithiamu, kaeni hapa kidogo

Jana kwenye raundi nimekuta mmoja wenu kapunguza dozi ya mgonjwa kwa sababu levo ya lithiamu kwenye damu ilisoma 1.4. Nikauliza damu ilitolewa saa ngapi, akasema saa 4 asubuhi. Kidonge cha asubuhi kamezwa saa ngapi? Saa 2. Basi hiyo 1.4 haina maana, tumepima kidonge kikiwa bado kinapanda kwenye damu. Ndo maana naandika, nawapenda lakini hili nimelirudia mpaka nimechoka.

1. Damu ya levo inatolewa masaa 12 baada ya dozi ya mwisho, na kama dozi imebadilishwa unasubiri siku 5 hadi 7 ndo upime. Andika kwenye fomu saa ya dozi na saa ya damu. Na tyubu ya kijani yenye lithiamu heparini usiiguse, ile inaongeza lithiamu yake humo humo utapata levo ya kutisha kwa mtu asiye na shida yoyote.

2. Hili ni langu mwenyewe. Nilikuwa na mgonjwa wa baipola, mvuvi wa dagaa mwalo mmoja upande wa Igombe, ametulia zaidi ya mwaka kwa miligramu 900 kila jioni kabla ya kuingia ziwani, levo yake 0.8, safi. Siku moja akaja analalamika mgongo, unajua kuvuta nyavu usiku kucha, mimi bila kufikiri nikamwandikia diklofenaki mara 3 kwa siku kwa siku 10. Sikugeuza hata ukurasa wa faili. Dawa hizo, na ibuprofeni vilevile, zinafanya figo lishindwe kutoa lithiamu vizuri, kwa hiyo dozi ile ile inaanza kujaa mwilini bila mtu kuongeza hata kidonge kimoja.

Siku ya 8 akarudi na mke wake, anatapika na kuhara. Msimu ule kuharisha kulikuwa kwingi, nikampa ORS na nikamwambia kwa msisitizo kabisa, lithiamu usiache, ukiacha ugonjwa utarudi. Mke wake akaniambia, "Daktari, mbona anatembea kama bado yuko ndani ya mtumbwi?" Nikamjibu ni udhaifu wa kuhara. Yaani alinipa daignosisi mkononi na mimi nikaiweka chini. Alikuwa anatanua miguu, na kikombe cha maji nilichompa alimwaga nusu kabla hakijafika mdomoni, nimeyaona kwa macho yangu.

Mtu akipoteza maji na chumvi, figo linang'ang'ania chumvi, na lithiamu nayo inarudishwa pamoja nayo. Kwa hiyo mgonjwa wangu alikuwa na vitu viwili, diklofenaki na kuhara, na juu yake mimi nikasema endelea kumeza. Baada ya siku 2 kaletwa amebebwa, ulimi mzito, misuli inashtuka, hajui yuko wapi. Levo 2.4, kreatinini imepanda. Tukasimamisha lithiamu na diklofenaki, dripu ya nomo salaini huku tunafuatilia sodiamu na mkojo, tukampa rufaa kwenye dayalisisi. Alipona uhai. Levo ilishuka lakini mwendo haukurudi, ubongo wa nyuma uliumia, mpaka leo anatanua miguu na ziwani hajarudi.

3. Kutetemeka. Vidole vinavyotetemeka kidogo kidogo ukimwambia anyooshe mikono, hiyo tunaishi nayo. Mkono mzima ukicheza, na kuna kutapika, kuyumba au maneno kuburuta, hiyo ni sumu mpaka ithibitike vingine, simamisha dozi usisubiri maabara. Aliyetumia miaka anaweza kulewa nayo hata levo ikisoma kawaida, mwangalie mtu.

4. Unapomfundisha mgonjwa, usiishie kwenye "kunywa maji mengi" tu. Mwambie maumivu ni parasetamo tu, na duka la dawa aseme anameza lithiamu. Akiandikiwa dawa ya presha aje kwanza kwetu, maana haidroklorothiazaidi na enalaprili nazo zinapandisha levo, na asiache chumvi ghafla kwa ushauri wa jirani. Akihara au kutapika asimeze, aje siku hiyo hiyo. Asibaki nyumbani wiki nzima bila dawa, maana kuiacha ghafla nako kunarudisha maniki. Halafu mwambie mke au ndugu arudie kwa maneno yake, msikilize mpaka amalize.

5. Kreatinini, tezi ya shingo na kalsiamu kila miezi 6.

Yule wa jana dozi yake nimeirudisha, hana dalili yoyote. Usiku ameze saa 2, kesho saa 2 asubuhi damu kwanza, tyubu nyekundu, kidonge baadaye.