Kutenganisha gharama za matengenezo kwa mbinu ya juu na chini

Nilipoanza kuweka hesabu za kinu cha kusaga mahindi huko Kisenyi, Kampala, mwenye kinu, Hajati, alitaka kujua ni kiasi gani cha gharama za matengenezo anachokilipa hata mashine zikisaga kidogo. Fundi alikuwa na malipo yake ya kila mwezi, ilhali nyundo, chekeche na mikanda vilichakaa kadiri tani zilivyoongezeka, lakini daftari lilichanganya yote katika safu moja.

Mbinu ya juu na chini hulinganisha miezi miwili tu, hivyo nilichukua mwezi wenye gharama kubwa kuliko yote na mwezi wenye gharama ndogo. Mwezi wa 4 tulisaga tani 55 kwa gharama ya shilingi 1,900,000. Mwezi wa 5, kabla ya mavuno, tani 40 kwa shilingi 930,000. Tofauti ya shilingi 970,000 niliigawa kwa tani 15, nikapata takribani shilingi 64,667 kwa tani. Nilipozidisha kwa tani 40 na kuondoa jibu katika 930,000, gharama ya kudumu, yaani ile inayolipwa hata bila kusaga, ikatoka hasi, zaidi ya shilingi milioni moja na nusu chini ya sifuri. Hajati aliitazama karatasi, akauliza, "Mwanangu, kwa hiyo nisiposaga hata punje moja, fundi ndiye atakayenilipa mimi?"

Kosa lilikuwa katika uchaguzi wa miezi. Miezi huchaguliwa kwa wingi wa kazi, yaani tani, wala si kwa ukubwa wa gharama, kwa kuwa tani ndizo zinazosukuma gharama. Mwezi wa 4 ulikuwa ghali kwa sababu mota iliungua ikasukwa upya, jambo lisilohusiana na tani 55 zile.

Mwezi wenye tani nyingi zaidi ulikuwa wa 7: tani 90, shilingi 1,530,000. Ukiulinganisha na mwezi wa 5, tofauti ni shilingi 600,000 kwa tani 50, yaani shilingi 12,000 kwa tani. Tani 40 zinabeba shilingi 480,000, na zinazobaki, 450,000, ni gharama ya kudumu. Kwa tani 90 pia jibu ni lile lile, ingawa hilo huthibitisha kuzidisha kwako tu. Kipimo cha kweli ni mwezi ambao hukuutumia. Mwezi wa 6 tulisaga tani 70. Makadirio yalikuwa 1,290,000, na daftari lilionyesha 1,310,000.

Kabla ya kuanza hesabu, kagua risiti za miezi miwili uliyoichagua, kwani mbinu hii haitazami mingine: vipuri vya mwezi wa 6 vikiandikwa mwezi wa 7 kwa sababu tu ndipo vilipolipwa, kiwango chote kitapotoka.

Baadaye Hajati aliniomba nikadirie tani 150. Nilikataa kutumia 12,000 na 450,000, kwa sababu kiasi hicho kingehitaji mashine ya pili na fundi wa pili, na takwimu zetu zilitoka kati ya tani 40 na 90.