Macho Yatangulie, Vidole Vifuate: Kusoma Nota Usizowahi Kuziona

Ukiwa mpiga piano wa kanisa hapa Kisumu, utazoea jambo moja upesi: karatasi ya nota hukufikia mkononi wakati watu wameanza kuingia. Ni nakala ya nakala, besi imefifia, na kiongozi wa kwaya ameshasimama. Waimbaji wenyewe wana solfa yao na wimbo wanaujua. Wewe ndiye hujauona. Mkishaanza, hakuna wa kukungoja utafute B flati.

Wanafunzi wengi wanaonijia hupiga vipande vigumu vizuri sana, ila ukiwawekea wimbo mwepesi wasioujua wanakwama kila baa. Vidole havina shida. Shida ni kwamba macho yao yanakaa kwenye nota inayolia. Wanaitazama hadi wahakikishe imetoka sawa, ndipo waitafute inayofuata, na pengo linasikika.

Mwangalie msomaji mzuri wa somo kanisani. Anainua macho kuwatazama waumini huku sentensi haijaisha, na anaimaliza bila kurudi kwenye kitabu, kwa sababu maneno ya mwisho alikwisha kuyachukua. Kwenye piano ni vivyo hivyo. Mwaka 1974 mwanasaikolojia John Sloboda aliwapa wapiga kinanda wimbo wasioujua, akawaondolea nota machoni wakiwa katikati, kisha akaangalia wataendelea hadi wapi. Wasomaji hodari waliendelea na nota sita au saba hivi. Dhaifu waliishia ya tatu au ya nne. Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba hodari walielekea kuishia mwisho wa kifungu cha wimbo, si popote tu. Yaani hawakuwa wakichukua nota mojamoja.

Utafiti mwingine wa 1999 ulionyesha kuwa ukipima kwa muda, macho hutangulia mikono kwa sekunde moja hivi, kwa fundi na kwa mwanafunzi vilevile. Tofauti ni kiasi cha muziki ambacho kila mmoja anakichukua ndani ya sekunde hiyo. Kwa hiyo ushauri wa “tazama mbali zaidi” peke yake hausaidii. Ukijilazimisha kutazama baa nzima mbele na bado unasoma nota mojamoja, utasahau ulichokiona kabla mikono haijakifikia. Dalili yake ni hii: kordi ya mbele unaijua, lakini unayoipiga sasa inapungukiwa nota au unaikata kabla ya wakati wake.

Tuchukue mfano. Wimbo wa sauti nne, ufunguo wa F, mapigo manne kwa baa, mwendo wa mapigo 80 kwa dakika. Kila pigo ni robo tatu ya sekunde, kwa hiyo ukitangulia pigo moja au zaidi kidogo, inatosha. Baa ya kwanza ina kordi nne, moja kwa kila pigo. Baa ya pili ina kordi mbili za pigo mojamoja, kisha minimu moja. Baa ya tatu inaleta B asilia mahali ambapo sikio lako linategemea B flati, kwa kuwa wimbo unapitia kordi ya G kwenda C, na C ndiyo inayofunga mstari katika baa ya nne.

Anayekwama hukwama kwenye ile B asilia, halafu anadhani ndiyo iliyomshinda. Mimi namtazama macho kwenye ile minimu iliyotangulia. Nota hiyo inadumu sekunde moja na nusu, na mikono haina kazi nyingine ila kuishikilia. Yeye anapumzika nayo. Hapo ndipo alipopaswa kuiacha mara tu vidole vilipoigusa, akaenda kuiona B asilia, besi iliyo chini yake, hata mwelekeo wa sauti ya kwanza. Nota ndefu huwapa macho nafasi ya kwenda mbele. Ukijifunza hilo tu, nusu ya kukwama kwako itaisha.

Mwisho wa mstari ni mtihani mwingine. Ukipiga vizuri hadi baa ya nne kisha kukawa na kimya kabla ya ya tano, macho yalisubiri mstari uishe ndipo yakaruka. Kwenye ile kordi ya C, ikishashikwa tu, macho yawe yameshuka upande wa kushoto wa mstari unaofuata.

Zoezi ninalolitumia linahitaji kipande cha kadi na mtu wa kuishika. Gamba la katoni linatosha. Weka metronomu kwenye 50. Mwenzako anaisogeza kadi kutoka kushoto, akifunika kila pigo baada ya kupigwa. Hiyo inakuzuia kurudi nyuma kusahihisha, tabia ambayo ni ngumu kuiacha. Ukizoea, aanze kulifunika pigo wakati uleule unapoligusa. Hatua ya mwisho ni kulifunika kabla hujalipiga, na hapo mikono inalazimika kupiga kilichokwisha kutoka machoni. Mwanafunzi mmoja aliniambia, “Mwalimu, hii ni kunionea.” Nikamwambia, “Endelea, metronomu haijasimama.”

Nota za zoezi ziwe nyepesi kuliko unazopiga kwa kawaida, na ziwe ngeni kabisa. Nyimbo za kitabuni ambazo hakuna anayeziimba zinafaa sana. Ukirudia wimbo mara ya tatu, huo si usomaji tena; kumbukumbu inakusaidia. Na wimbo ukiwa mgumu mno macho hayatatangulia hata ufanyeje, kwa sababu kila kordi unaihesabu upya. Badilisha wimbo.

Kordi zisome kuanzia chini kwenda juu. Besi ndiyo inayokuambia uko wapi, na umbo la nota zilizo juu yake utalitambua kwa mtazamo mmoja ukishazoea. Mambo yakizidi, piga besi na sauti ya kwanza, uiache sauti ya alto na ya teno. Kwaya inazo sauti hizo tayari, na hakuna atakayegundua. Kusimama ili utafute nota ya teno ndiko kutakakogunduliwa na kanisa zima.

Macho yasishuke kwenye kibodi ila kwa mruko mkubwa wa mkono, na hata hapo shuka wakati wa nota ndefu. Nyakati nyingine papasa vitufe vyeusi: kundi la viwili na kundi la vitatu vinatosha kukuonyesha C na F zilipo. Ukitazama chini kila baa, muda wa kutafuta tena mahali pako kwenye karatasi ndio unaokula ile sekunde yako.

Wanaojiandaa kwa mitihani ya vitendo ya ABRSM hupewa hadi nusu dakika ya kuukagua wimbo. Usiitumie kupiga baa mbili za mwanzo. Tazama ufunguo na mapigo, tafuta shapu, flati au asilia isiyotarajiwa, kisha uangalie ni nota gani ndefu iliyo karibu kabla yake, ili ujue utaitazamia wapi.

Kuhusu kugeuza ukurasa, mimi hubeba penseli. Kordi ya kwanza ya ukurasa wa pili naiandika chini ya baa ya mwisho ya ule wa kwanza, kwa herufi kubwa, na mkono ulio na kazi ndogo ndio unaogeuza.