"Put off" si kuahirisha tu: soma kinachozunguka pengo

Juzi msomaji mmoja aliniandikia ujumbe mrefu, nusu yake malalamiko. Anajiandaa kwa mtihani wa Kiingereza na amekariri vile vitenzi vya maneno mawili, "give up", "put off", "take off" na wenzao, kila kimoja na maana yake ya Kiswahili. Akifunga daftari anavitaja vyote bila kusita. Akiwekewa sentensi yenye pengo, anakosa. Akanitumia na sentensi iliyomkera:

"The manager's rude manner ______ many customers."

Majibu ya kuchagua yalikuwa "gave up", "put off", "called off" na "took off". Yeye alichagua "gave up", akaambiwa jibu ni "put off", na hajaelewa mpaka leo. Hoja yake ilikuwa hivi: meneja alikuwa jeuri, kwa hiyo wateja wakakata tamaa, na "give up" ni kukata tamaa. Tena "put off" ni kuahirisha, na mteja haahirishwi.

Nilipoisoma hoja hiyo nilimwona mtu aliyesoma kwa bidii. Nasema hivyo kwa makusudi, kwa sababu enzi zangu nilifundishwa na mwalimu ambaye aligawa ubao katikati, kushoto akaandika vitenzi, kulia maana, kila kitenzi na maana moja tu. Tuliinakili orodha ile, tukaikariri usiku na mchana. Tulipoanguka kwenye mapengo, alisimama mbele ya darasa akasema sisi ni wavivu. Inaniuma hadi sasa, maana tulikuwa tumesoma. Orodha ndiyo iliyokuwa na upungufu, na hakuna aliyetuambia.

Turudi kwenye sentensi. Kabla ya kufikiria maana yoyote, uliza nani anatenda na nani anatendewa. Anayetenda hapa si wateja. Ni "manner", yaani ile tabia ya meneja. Wateja wako baada ya pengo, ndio yambwa, ndio wanaotendewa. Sasa jaribu kulisema jambo hilo kwa Kiswahili ukiilinda nafasi ya kila mmoja: tabia ile ilikata tamaa wateja? Haisemeki. Tutasema iliwakatisha tamaa, au iliwafukuza. Lugha yetu inabadilisha kitenzi chenyewe, kata inakuwa katisha, na sikio linatambua mara moja. "Give up" ni ile kata: mwenye kukata tamaa ndiye anayetangulia kitenzi. Pengo hili linataka katisha, na kwa Kiingereza kazi hiyo hufanywa na "put off".

Ungeweka "gave up" pale, sentensi ingesema kwamba tabia iliwaachilia wateja, jambo lisilo na kichwa wala miguu. "Called off" hufuta shughuli iliyopangwa, kama mechi, harusi au mgomo. "Took off" ni ndege kuruka, mtu kuvua nguo au biashara kushamiri ghafla. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kubeba "many customers" mbele yake katika sentensi hii.

Kilichonifungua macho mimi ni kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, zile zinazotungwa kwa ajili ya wanaojifunza lugha. Nilitafuta "put off" nikakuta haikuandikwa hivyo. Iliandikwa mara moja "put sth off", na mara nyingine "put sb off". Herufi "sth" ni ufupisho wa "something", kitu, na "sb" ni "somebody", mtu. Nilikuwa nikiziruka siku zote nikiona ni pambo, kumbe mtihani mzima umejificha humo.

Ukiziheshimu herufi hizo, "put off" inanyooka. Kinachofuata kikiwa shughuli au tarehe, maana ni kuahirisha: "They put off the meeting until Friday." Kikifuata kitenzi chenye "-ing", bado ni kuahirisha: "I kept putting off seeing the dentist," yaani nilikuwa nikiisogeza mbele siku ya kwenda kwa daktari wa meno. Lakini mwingize mtu katikati, "Her story put me off seeing the dentist," na maana inageuka kabisa: hadithi yake ilinitoa hamu ya kwenda. Maneno ni yale yale, tofauti ni "me" tu. Watunga mitihani wanaijua tofauti hiyo vizuri sana, nanyi ijueni kabla yao hawajawakuta nayo.

Hapa lazima niseme ukweli mwingine ambao orodha huuficha. Kujua kwamba anayefuata ni mtu hakumalizi kazi, kwa sababu "put sb off" yenyewe ina maana zaidi ya moja. Inaweza kuwa kumtoa mtu hamu au kumchukiza, kama ilivyokuwa kwa wale wateja. Inaweza kuwa kumvuruga akiwa katikati ya jambo linalohitaji utulivu: "The noise put the singer off and she forgot the words." Inaweza pia kuwa kumpiga mtu danadana, leo njoo kesho, kesho njoo keshokutwa: "He kept putting me off with one excuse after another."

Utazitofautishaje? Soma mpaka nukta. Mwimbaji kasahau maneno, basi alivurugwa. Kuna visingizio mfululizo, basi ni danadana. Mtu hakurudi tena au hakununua, basi alitolewa hamu. Matokeo ndiyo yanayosema, na karibu kila mara yako upande wa kulia wa pengo. Wanaokimbilia majibu wakiwa wamesoma nusu ya sentensi wanajinyima ushahidi waliopewa bure.

"Give up" nayo ina mazingira yake, na ningependa uyaandike daftarini mahali pa ile maana moja. Ikisimama peke yake ni kushindwa au kukata tamaa: "Don't give up." Ikifuatwa na tabia au kitenzi chenye "-ing" ni kuacha: "She gave up smoking." Hapo "gave up to smoke" haikubaliki, hata kama Kiswahili chetu cha kuacha kuvuta kinakuvuta uweke "to". Ikifuatwa na kitu cha mtu na kisha "to", ni kumwachia mwingine: "He gave up his seat to an old woman." Ikiwa na "himself" katikati ni kujisalimisha: "The thief gave himself up to the police." Na ikija na "on" kisha mtu, ni kupoteza imani naye: "Her teachers never gave up on her."

Hiyo ya mwisho hupenda kuulizwa kwa pengo dogo sana: "Her teachers never gave up ______ her." Wengi huona sentensi imekamilika kichwani, wakaweka "with" au "to". Jibu ni "on". Ndiyo maana nasisitiza kukariri kipande kizima, "give up on sb", pamoja na kijineno chake cha mwisho. Ukikariri "give up" peke yake umekariri kichwa bila mkia, na pengo limewekwa mkiani.

Sasa nije kwenye mtego ninaouona mgumu kuliko yote, nao ni kauli ya kutendwa. Kanuni ya kutazama kinachofuata pengo hapa inaonekana kama imevunjika:

"The match was ______ until Saturday because of the rain."

Baada ya pengo hakuna yambwa. Imehamia mbele: "the match" ndiyo iliyotendewa. Kwa hiyo ukiona "was", "were" au "been" kabla ya pengo, tazama kushoto. Mechi ni shughuli, kwa hiyo "put off" na "called off" zote zinaweza kuingia, na mvua inazifaa zote mbili. Kinachoamua ni "until Saturday". Mechi iliyofutwa haina siku nyingine, iliyoahirishwa inayo. Jibu ni "put off". Ondoa maneno "until Saturday", na swali linakuwa na majibu mawili sahihi. Mtungaji makini haliachi hivyo. Linganisha na "Many buyers were ______ by the price." Kushoto kuna watu, kulia kuna "by the price", bei ndiyo mtendaji. Ni "put off" ile ile, lakini sasa wanunuzi wamekimbizwa na bei, hakuna aliyeahirishwa.

Kuna jambo moja la mpangilio ambalo nalisemea haraka kwa kuwa halina utata. Yambwa ikiwa kiwakilishi kama "it", "him" au "them", katika "put off" na "give up" hukaa katikati: "put it off", "give it up". "Put off it" ni kosa. Nomino kamili ina uhuru wa kukaa katikati au mwisho. Lakini usieneze kanuni hii kwa kila kitenzi: "look after him" na "get over it" haziruhusu kitu katikati, na kamusi inakuonyesha kwa kuandika "look after sb", "sb" ikiwa mwisho.

Nilipoanza kuandika daftari langu kwa namna hii, alama zangu zilipanda, na nikafaulu mtihani ambao yule mwalimu alishatangaza kwamba sitauweza. Ninajivunia hilo waziwazi. Vitenzi nilivyovijua vilikuwa vichache kuliko vile vya orodha ya ubaoni, ila kila kimoja nilikijua na majirani zake.

Basi fanyeni hivi. Chukua kitenzi kimoja, kifungue kwenye kamusi, nakili kila umbo lenye "sb" na "sth" kama lilivyo, na chini ya kila umbo andika sentensi moja yenye mtendaji, mtendewa na matokeo. Kesho yake funika kitenzi kwa kidole usome kilichobaki. Ukiweza kukitaja kwa kutazama majirani tu, umekijua. Ukiona vitenzi viwili vinaingia, sentensi yako haina ushahidi wa kutosha. Ongeza "until", ongeza "by", ongeza matokeo, mpaka kimoja kitoke.

Zoezi hilo litakufaa zaidi kwenye mitihani isiyokupa majibu ya kuchagua. Mtihani wa Cambridge wa B2 First, kwa mfano, una sehemu ya kuandika upya sentensi kwa neno ulilopewa bila kulibadilisha, ukitumia maneno 2 hadi 5. Tuseme umepewa "We postponed the trip because of the storm," neno lako ni "OFF", na sentensi mpya inaanza na "The trip" na kuishia na "because of the storm". Safari imehamia mbele, kwa hiyo ni kutendwa: "was put off". Ukiandika "put off" bila "was", kitenzi umekijua lakini safari inakuwa ndiyo iliyoahirisha kitu, na kitu chenyewe hakipo.