Barua kwa mwanangu: neno lako la kwanza la Kijerumani

"Mama, mtoto ana wiki ya sita shuleni huku Uswidi na hajasema neno hata moja la Kiswidi. Nyumbani anaongea mpaka namwambia anyamaze, akifika darasani anakuwa bubu. Mwalimu ameanza kuniuliza maswali. Hivi mimi kule Berlin nilianzaje kuongea, na ilichukua muda gani?"

Mwanangu mpenzi,

Wiki kumi na moja. Kila Ijumaa nilikuwa natia alama kwenye kalenda ya jikoni, na baba yako akinikuta na kalamu anaguna tu, anaondoka.

Uliingia darasa la kwanza Septemba 1994, umetimiza miaka saba. Tulikuwa tunakaa Wedding, karibu na ile mitaa yenye majina ya Afrika. Siku ya pili tu baada ya kufika ulisimama chini ya kibao cha barabara ukasoma kwa sauti: "Tanga!" Ni kweli kiliandikwa hivyo, Tanga, na nyuma yake neno refu la Kijerumani lenye maana ya mtaa. Ukaniuliza kwa bibi ni umbali gani kutoka pale. Ulidhani tumekaribia kurudi.

Siku ya kuandikishwa watoto wote walikuja wamekumbatia koni kubwa za karatasi zilizojaa peremende na penseli. Wajerumani wanaziita shultute, na mtoto kuanza shule bila koni ni kama bibi harusi bila hina. Mimi sikuwa na habari. Mama jirani wa ghorofa ya tatu alikuja usiku wa kuamkia siku hiyo na kadibodi na gundi, akaniviringishia moja mezani petu, nami nikaijaza kashata za nazi nilizotoka nazo nyumbani. Uliishika kwa mikono miwili, ilikuwa inakufika kidevuni.

Uliporudi ulikuwa unacheka. "Mama, mwalimu anajua Kiswahili! Amesema shule!" Nikakueleza kwamba hilo neno sisi ndio tuliolichukua kwao, wakati Wajerumani walipotutawala. Hukunikubalia. Kwako wao ndio walikuwa wamelichukua Tanga.

Basi, baada ya hapo kimya. Hukulia, hukukataa kwenda. Unakaa kwenye kiti, unafungua daftari wenzio wakifungua, unavaa koti wakivaa, ila mdomo umefungwa kama mfuko wa posta. Wiki ya nne tukaitwa. Masikio yako yakapimwa, yakaonekana mazima. Kisha mtu mmoja pale shuleni akatushauri tuache Kiswahili nyumbani, tuseme nawe Kijerumani ili uzoee. Tulijaribu siku nne. Kijerumani changu wakati ule kilikuwa cha kununulia mkate, na chakula cha jioni kikawa vijiko tu vinagonga sahani. Siku ya tano baba yako akaweka kijiko chini, akakutolea hadithi ya Sungura na Fisi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na wewe ukaongea mpaka ukapitiwa na usingizi mezani. Hatukurudia tena, na mpaka leo nashukuru. Mtoto mwenye lugha moja iliyokomaa ana mahali pa kutundika ya pili. Ukimnyang'anya ya kwanza kabla ya pili kufika, unambakisha mikono mitupu.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba kimya kile kina jina. Wanaosomea mambo ya watoto na lugha wanakiita kipindi cha kimya, na kwa mtoto anayetupwa katikati ya lugha ngeni kinaweza kuchukua wiki kadhaa au miezi kadhaa. Mtoto hajalala. Anasikiliza, anakusanya, anapanga. Kuelewa kunatangulia kusema kwa mbali sana.

Niligundua kwa sababu ya viazi. Nilikuwa nimevimwaga mezani nivimenye, nikatoka kidogo kuanika nguo. Narudi nakuta umevipanga mistari mitatu, kijiko cha mwiko mkononi, na unavifokea: "Laize, bite!" (Naandika kama masikio yetu yalivyosikia.) Maana yake punguzeni sauti, tafadhali. Kisha ukainamia kiazi kimoja chenye jicho bovu, ukakiambia kwa Kijerumani kirefu ambacho sikukielewa hata nusu, kwa sauti ya mwalimu wako barabara, mpaka kile kikohozi chake kidogo kabla ya kukemea. Nilisimama mlangoni na kikapu cha vibanio, nikalia. Kijerumani kilikuwemo chote mle ndani. Kilichokuwa hakipo ni ujasiri wa kukitoa mbele ya watoto ishirini na wanne.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba: usimtazame akiwa darasani, mtazame akicheza peke yake. Akiwa anatii maagizo ya mwalimu bila kuiga wenzake, akiwa anaimba nyimbo za huko bafuni, akiwa anawafundisha wanasesere wake, mwache. Lakini ungeniambia hata nyumbani kwa Kiswahili amenyamaza, au mwaka unaisha na hawezi kusema hata na rafiki mmoja, hapo ningekuambia umpeleke kwa mtaalamu wa usemi, wala usingoje.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa mwisho wa Novemba. Yule mtoto mliyekaa naye dawati moja alikualika siku yake ya kuzaliwa. Kadi uliisahau shuleni, lakini saa ulikuwa umeishika kichwani: "halp drai". Halp ni nusu, drai ni tatu. Ukanitafsiria bila kusita: "Saa tatu na nusu, mama." Basi Jumamosi asubuhi nikakuvalisha gauni la Idi, tukapanda treni ya chini ya ardhi, na saa tatu na nusu kamili tukabonyeza kengele na zawadi yetu.

Mlango ulifunguliwa na mama aliyevaa gauni la kulalia, nywele kazisokota kwenye vibiringisho. Nyuma yake mwenye sherehe alikuwa bado anapiga mswaki.

Unajua kilichotokea. Mjerumani akisema nusu tatu hahesabu tatu imepita na nusu, anahesabu nusu ya kuelekea tatu, yaani mbili na nusu. Na saa yao inaanzia usiku wa manane na adhuhuri, haianzii macheo kama yetu. Halp drai ya mchana ni saa nane na nusu kwetu. Tulikuwa tumewahi kwa saa tano. Na nikutahadharishe, Waswidi nao husema nusu kwa namna hiyo hiyo, kwa hiyo mjukuu wangu akikuletea mwaliko kwa mdomo, mpigie mzazi mwenzio.

Yule mama, Mungu ambariki, hakutufukuza. Alicheka, akanipa kahawa, akaleta aproni mbili ndogo, keki ikaanza kupigwa. Mimi na yeye tunaelewana kwa vidole, ninyi wawili mmesimama juu ya viti. Unga ulipokwisha kumiminwa kwenye chombo cha kuokea, mwenzio akachukua mwiko akaanza kuuramba. Ukamtazama. Ukautazama mwiko. Ukasema, sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba umekuwa ukiongea tangu Septemba:

"Ikh aukh!"

Na mimi pia. Mwenzio hakushangaa hata kidogo. Alikupa mwiko.

Nimelifikiria sana jikoni lile. Wiki kumi na moja mwalimu alikuwa anakuuliza mbele ya darasa zima, kwa wema wote, na kila akiuliza macho yote yanakugeukia. Pale hakuna aliyekuuliza. Alikuwapo mtoto mmoja, kazi ya mikono, na kitu ulichokitaka kweli kweli. Kwa hiyo usimhimize mtoto wako aseme. Mtafutie mwenzake mmoja, mmoja tu, mwite kwako Jumamosi, wape unga wa maandazi wakande. Kama Jumamosi hiyo hatasema, waite tena inayofuata.

Baada ya hapo ukawa na maneno mawili na ukayatumia kwa kila kitu wiki tatu nzima. Ndivyo wanavyoanza, kwa kipande kizima kilichosikika kinafaa, wala si kwa neno moja moja na sarufi. Mwenzio kasema anataka rangi nyekundu: ikh aukh. Mwenzio kasema tumbo linamuuma: ikh aukh, na nikaitwa kuja kukuchukua. Nakuta unaruka kamba uani.

Halafu zikaja hesabu. Daftari lako likarudi limejaa wino mwekundu, na wewe hesabu ulikuwa unaziweza tangu Tanga. Imla ilikuwa ya tarakimu: mwalimu anataja 24, umeandika 42, anataja 31, umeandika 13. Baba yako ndiye aliyeng'amua. Wajerumani hutanguliza mamoja, ndipo makumi: nne na ishirini. Akakukalisha akakuambia, "Hesabu kama mwalimu wa chuoni kwa bibi: arbaa wa ishirini." Kiarabu kile ulichokikariri mkekani ndicho kilichokufungulia hesabu ya Kijerumani. Kesho yake ulipata zote. Kwa Kiswidi mjukuu wangu amepona, wao hutanguliza makumi kama sisi.

Kufikia likizo ya kiangazi ulikuwa unanitafsiria dukani, na hapo ndipo nilipokosea, kwa hiyo sikiliza. Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe Kijerumani cha uani na Kijerumani cha vitabuni ni vitu viwili. Darasa la tatu ulikuwa unabishana na watoto wa mtaa mzima, lakini swali la hesabu la mistari minne lilikuwa linakushinda kwa sababu ya maneno yake, si kwa sababu ya hesabu. Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, aliandika kwamba lugha ya kucheza mtoto huipata kwa kama miaka miwili, ila ya masomo huchukua mitano hadi saba kuwafikia wenzake. Mtoto wako akianza kupayuka Kiswidi, usimwambie mwalimu aondoe msaada.

Na uliza shuleni kuhusu masomo ya lugha ya mama. Sheria ya Uswidi inampa haki hiyo mtoto ambaye nyumbani wanatumia lugha nyingine kila siku. Manispaa inaweza kukataa kama wanafunzi wa Kiswahili hawafiki watano au mwalimu hakupatikana, lakini ombi liandikwe na liwepo. Tafuta wazazi wengine wa Kikongo, Kirundi, Kikenya hapo mjini, mtatimia.

Jumapili nitapiga baada ya swala ya adhuhuri. Mweke yeye kwenye simu, usimwambie aseme Kiswidi. Mwambie tu bibi yake ameviosha viazi, ameshavipanga mistari mitatu, na havisikii la mtu.

Mama yako