Hoteli imenipa oda ya sabuni 1,200 kwa mwezi, najiona kama nimewatapeli

*Suali:* Assalaam alaykum dada. Natengeneza sabuni ya mwani na karafuu nyumbani hapa Jambiani, moto mmoja napika kilo 2 za mafuta napata vipande kama 30, nauza dukani na kwa wageni. Sasa hoteli moja kubwa imenipa oda ya vipande 1,200 vya gramu 80 kila mwezi kwa miezi mitatu, mzigo wa kwanza wiki 10 kutoka leo. Nlivoulizwa kama naweza nkasema ndio. Tangu siku ile silali, naona siku yoyote watagundua mie si mtengenezaji wa kweli. Nifanyeje, na nijiandae vipi?

*Jibu:* Waalaykum salaam mdogo wangu. Mie niko Chake, sabuni napika mwaka wa kumi na moja huu, na hiyo hali naijua vizuri. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliwaandika wanawake waliofaulu vizuri kazini na masomoni lakini ndani wanaamini wamefaulu kwa bahati au kwa kuwahadaa watu, na sifa wakipewa hazisaidii kitu maana mtu anasema tu "hawajanijua bado." Kwa hivo mie skwambii kama unaweza, utaniona na mie umenihadaa. Chukua kalamu tutenge vitu viwili. Kuna ulivokuwa unavijua kabla ya oda, yaani resipi yako na namna kipande kinavotakiwa kiwe, hivo havijabadilika usiku mmoja. Halafu kuna usivowahi kufanya hata siku moja, na hapo hofu yako inasema kweli: hujawahi kupika zaidi ya kilo 2, hujawahi kukausha vipande elfu kwa pamoja. Utapeli haupo hapo, ila kuna kazi ambayo haijapigwa hesabu.

Tuanze na hesabu yenyewe. Kipande cha gramu 80 kikavu lazima ukikate na gramu 90 kikiwa kibichi, maana sabuni inapoteza maji ikikauka, ya kwangu inapungua kama sehemu moja ya kumi. Hili wengi linawaangusha, wanakata gramu 80 halafu baada ya wiki tano wanapima gramu 72 na lebo imeshachapishwa. Sasa chukua kilo 6 za mafuta, tuseme 4 za nazi na 2 za mawese. Nazi inataka gramu 183 za kostiki kwa kila kilo, mawese kama 141, jumla gramu 1,014, toa asilimia 7 ili mafuta kidogo yabaki huru ngozi isikauke, unabaki na gramu 943. Maji mara mbili ya kostiki. Jumla ya vyote ni kama kilo 8.8, ukigawa kwa gramu 90 unapata 98, lakini wewe hesabu 90 maana kuna vichwa vya mche na vilivopasuka. Moto 15 wa namna hii ni vipande 1,350, unayo akiba ya 150. Ukipika mara tano kwa wiki ni wiki tatu. (Kama mafuta yako ni mengine au umechanganya mengine namba zinabadilika, kila mafuta yana kiwango chake cha kostiki, usichukue zangu ukazipachika juu ya resipi yako.)

Sasa sehemu ambayo imenigharimu mimi mwenyewe, nsikilize hapa. Mafuta ya karafuu, na haya ya makonyo tunayokamua huku Pemba pia, yanafanya sabuni igande ghafla. Kwenye kilo 2 hukuliona sana maana unamimina ndani ya dakika moja imekwisha. Oda yangu ya kwanza kubwa, ya hoteli moja huko Unguja, nlitia karafuu kwenye ndoo ya kilo 8 nkamimina kasha la kwanza vizuri, la pili likawa zito kama uji wa kesho yake, la tatu halikutoka kabisa, limegandia ndooni na mwiko umo ndani. Resipi ilikuwa ileile nlokuwa napika miaka miwili. Siku ile nkaamini kweli mie si mtaalamu, kumbe ni muda tu, kumimina kilo 8 kunachukua muda mrefu kuliko karafuu inavokuruhusu.

Dawa yake ni kukuza kukoroga na sio kukuza kasha. Koroga kilo 6 bila karafuu mpaka mwiko uanze kuacha alama juu, nyepesi kama uji mwepesi, hapo simama. Gawa sawasawa kwenye ndoo tatu ndogo, kila moja ule mchanganyiko wa kilo mbili za mafuta kama ulivozoea. Kila ndoo tia karafuu yake, koroga kwa mkono sio kwa blenda, mimina, ndo unaenda ya pili. Mie natia gramu 5 kwa kilo ya mafuta sizidishi, karafuu ikizidi inaunguza ngozi na wageni wa hoteli wapo wenye ngozi nyepesi. Na makasha yako yaleyale ya kilo 2 ndo utumie, matatu badala ya moja kubwa, kwa sababu sabuni inatoa joto yenyewe ikiwa inaiva na donge kubwa halipoi haraka, linapasuka katikati au linafura juu. Kasha dogo joto lake unalijua tayari. Ukiona mche umepasuka kwa juu kama mkate, ujue ilipata joto sana, siku ya pili uache kufunika kwa blanketi.

Nakuomba sana jambo moja. Najua utatamani kuazima sufuria kubwa la shughuli, lile la pilau. Usithubutu. Yale ni alumini, na kostiki inaila alumini, inafoka na kutoa hewa inayoshika moto. Tumia ndoo ya plastiki nzito au chuma kisichoshika kutu, na ni kostiki inayotiwa kwenye maji, kamwe sio maji kwenye kostiki, miwani na glavu, watoto nje, mlango wazi. Kwenye gramu 943 rushio moja halifanani na lile ulilozoea. Kostiki yenyewe nunua mfuko mzima uliofungwa na uuhifadhi kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, maana unyevu wa huku kwetu inaunyonya na kupoteza nguvu, unapima gramu sahihi kumbe sehemu yake maji, sabuni inatoka laini yenye mafuta na unadhani umekosea wewe.

Haya, kuna kitu hukukiuliza na mie ndo naona kitakutoa jasho kuliko kupika. Kukausha. Wiki ya kwanza iwe ya majaribio mawili tu na manunuzi. Wiki ya 2, 3 na 4 unapika. Wiki tano kukauka, yaani mwisho wa wiki ya 9, na wiki ya 10 unafunga na kupeleka. Inaenda, japo imebana. Lakini mzigo wa mwezi wa pili ni wiki ya 14, kwa hivo lazima uupike wiki ya 6, 7 na 8, wakati wa kwanza haujatoka wote rafuni. Mwisho wa wiki ya 8 utakuwa na vipande 450 vya wiki ya 4 na 1,350 vipya, jumla 1,800. Rafu ya mita moja kwa sentimita 40 mie napanga 80, vimesimama kwa ubavu na vina nafasi ya kidole kupitisha upepo. 1,800 gawa kwa 80, unahitaji rafu 23. Wewe ukipika vipande 30 kwa moto nadhani una tano au sita. Basi hicho ndo unachokosa, dada yangu, seti nne za rafu tano tano kutoka kwa fundi na chumba kisichopiga jua chenye upepo. Na ikiwa miezi yako imeangukia masika usitegemee wiki tano, weka feni, na usifunge karatasi kwa kuangalia kalenda. Kila moto wekea alama vipande kumi, vipime kila wiki, vikiacha kupungua, chini ya gramu moja kwa wiki, hapo vimekauka. Ukifunga mapema sabuni inatoka jasho na karatasi inagandia, na hilo hoteli wanaliona siku ya kwanza.

Ndo nkarudi kwenye ile "ndio" yako. Jiulize, kuna neno ulilowaambia ambalo leo si kweli? Kama uliwaambia una karakana au wafanyakazi kumi na huna, rekebisha kabla hujapika. Kama ulisema naweza tu, basi iwekee vipimo. Usiwaandikie kwa kuomba radhi wala kujieleza sana, meneja wa manunuzi anataka tarehe na idadi. Mie ningeandika hivi: "Assalaam alaykum. Kuhusu oda ya sabuni, mzigo wa kwanza wa vipande 1,200 utafika wiki ya 10 kama tulivokubaliana. Kwa kuwa sabuni inakauka wiki tano, mzigo wa pili naomba niulete kwa mafungu mawili, 600 wiki ya 14 na 600 wiki ya 15. Wiki ya 7 nitakuleteeni vipande 20 vya moto wa kwanza mvipime na kuvitumia kabla sijafunga mzigo. Ili ninunue mafuta na vifungashio naomba advansi ya nusu ya mzigo wa kwanza. Pia nijulisheni mnahitaji karatasi zipi kutoka taasisi ya viwango ZBS au ya chakula na dawa ZFDA."

Hivyo vipande 20 usiviruke hata wakisema hawana haja. Wakikubali harufu, rangi na uzito kwa mkono wao wenyewe, wiki ya 10 hakuna cha kugundua tena. Halafu mzigo wa pili ukiugawa wiki ya 14 na 15 rafu zako zinapumua, unaweza ukaagiza seti tatu kwanza ya nne baadae.

Kesho asubuhi usipike. Nenda kwa fundi wa mbao na kipimo cha chumba, maana rafu ndo zitachelewa kuliko kostiki na mafuta, na mizani yako iangalie kama inafika kilo 10, nyingi za nyumbani zinaishia 5. Ukishapika ule moto wa kilo 6 wa majaribio niandikie ndoo ya tatu ilimiminika vipi, kama ilianza kuganda kabla hujamaliza tutapunguza joto la mafuta kwanza kabla ya kugusa karafuu.